Nimenunua kila mwezi miaka 7 bila kuruka, mbona uwiano umenitoka?

Kibubu_Imara · #1
Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijabonyeza kitu cha kujutia.

Miaka 7 iliyopita nilijiwekea utaratibu mmoja tu. Kila tarehe 28 benki inakata laki moja kwa agizo la kudumu: elfu 60 inanunua vipande vya mfuko wa hisa unaofuata faharisi, elfu 40 inanunua mfuko wa hatifungani. Sijaruka mwezi hata mmoja. Soko likianguka nafumba macho, likipanda nafumba macho vilevile. Kwa kuwa fedha inaingia 60 kwa 40, niliamini na mali yangu imekaa 60 kwa 40.

Jana nilikuwa najaza fomu ikaniuliza thamani ya kila mfuko. Kumbe hisa zimefika milioni 8.4 na hatifungani milioni 3.6. Jumla milioni 12, yaani 70 kwa 30. Cha kuchekesha, fedha yote niliyowahi kuweka kwa miezi 84 ni hiyohiyo milioni 8.4, kwa hiyo hisa peke yake zimerudisha kila kitu.

Swali: niuze hisa nirudi 60, au niache? Na kuuza si ndiko kuvunja ile nidhamu ya kununua bila kujali bei?

NunuaDipu · #2
Hongera mkuu, na usiuze. Kinachokua kiache kikue. Utang'oaje mmea unaozaa ili umwagilie ule uliodumaa?

Halafu wewe unanunua kwa awamu, una kinga tayari. Bei ikishuka laki yako inapata vipande vingi, ikipanda inapata vichache, kwa hiyo wastani wa bei uliyolipa unakuwa chini ya wastani wa bei ya soko. Hiyo ni hesabu, haina ubishi. Mtu wa namna hiyo hapati hasara labda aache katikati.

Mzee wa Mizani · #3
NunuaDipu, nusu ya kwanza uko sahihi kabisa. Nusu ya pili ndiyo inayowaumiza watu.

Chukua mtu anayeweka elfu 120 kwa mwezi, miezi mitatu. Bei ya kipande ni 100, kisha 60, kisha 80. Anapata vipande 1,200, halafu 2,000, halafu 1,500. Jumla 4,700 kwa laki 3 na elfu 60. Kila kipande kimemgharimu kama 76.6, na wastani wa bei za soko ulikuwa 80. Amelipa chini ya wastani, kama ulivyosema. Vipande vyake sasa ni 376,000, faida elfu 16.

Sasa zipange bei zilezile upya: 100, 80, 60. Vipande ni 4,700 vilevile na gharama ni 76.6 ileile. Bado amelipa chini ya wastani wa soko. Ila bei ya leo ni 60, kwa hiyo ana 282,000 na hasara ya elfu 78. Huo wastani mzuri haukumsaidia kitu, kwa sababu mali huuzwa kwa bei ya mwisho. Wastani wa njiani hakuna anayekununulia.

Kibubu, swali lako ni zuri kwa sababu umechanganya kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kununua kila mwezi kunaamua fedha *inaingiaje*. Kusawazisha kunaamua mali iliyokwisha kuingia *inakaaje*. Agizo lako la benki linaijua laki moja ya mwezi huu tu, halina habari na zile milioni 12. Nikirudi jioni nitakuandikia hesabu.

Mstaafu_Mtarajiwa · #4
Nimefurahi kuona uzi huu maana na mimi niko kwenye kuweka kwa awamu. Kiinua mgongo changu ni milioni 30 na kimelala benki. Nimepanga kukiingiza kidogo kidogo kwa miezi 24 ili niwe na nidhamu kama ya Kibubu. Mnaonaje, 24 inatosha au nifanye 36?

BintiHesabu · #5
Mzee Mstaafu, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo ni jambo jingine lenye jina lilelile. Kibubu hakuwa na milioni 8.4 akaamua kuzipenyeza polepole. Kila laki aliiweka siku aliyoipata. Kwa lugha nyingine, kila mwezi alikuwa anaingiza *zote* alizonazo. Wewe fedha unayo leo, na unachokiita awamu ni kukaa nje ya soko kwa sehemu kubwa ya miaka miwili.

Kampuni ya Vanguard ililipima jambo hili mwaka 2012 kwa masoko ya Marekani, Uingereza na Australia. Aliyeingiza zote mara moja alimshinda aliyegawa kwa miezi 12 takriban mara mbili katika kila mara tatu. Sababu yake haina ajabu: masoko yamepanda miaka mingi kuliko yalivyoshuka, kwa hiyo anayesubiri hununua baadaye kwa bei ya juu mara nyingi kuliko kinyume chake.

Mstaafu_Mtarajiwa · #6
Marahaba binti. Sasa na ile mara moja kati ya tatu ikiniangukia mimi? Wewe una miaka ya kurudisha, mimi sina.

BintiHesabu · #7
Hapo umenibana, na sina jibu la hesabu peke yake.

Mzee wa Mizani · #8
Nimerudi. Nianze na Mstaafu kwa ufupi kisha niende kwa mwenye uzi.

Ndugu yangu, kama milioni 18, yaani asilimia 60 ya zile 30, zikiingia kwenye hisa siku moja zitakunyima usingizi, basi huenda shida ni hizo 18 na wala si ile siku moja. Maana mwezi wa 24 ukifika utakuwa nazo zote ndani, na soko linaweza kuanguka mwezi wa 25. Kugawa kumekulinda njiani tu, mwisho wa safari hatari ni ileile. Amua kwanza kiwango cha hisa unachoweza kukivumilia kikiwa kimejaa. Kama ni 60 kwa 40, ile milioni 12 ya hatifungani haina sababu ya kusubiri miaka miwili. Zile 18 zigawe ukitaka, hata milioni 3 kwa miezi 6, ila andika tarehe zake leo. Nimeona watu wengi wakigawa kwa 24, soko linashuka mwezi wa 5, wanasema "ngoja litulie kwanza", na fedha inabaki benki miaka.

Haya, Kibubu. Milioni 12 kwa lengo la 60 inataka hisa za milioni 7.2. Umezidi kwa milioni 1.2. Una njia mbili safi.

Ya kwanza ni kuuza hizo milioni 1.2 na kununua hatifungani. Siku moja umemaliza. Gharama yake ni kamisheni ya kutoka, tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na kodi ya faida kama akaunti yako inatozwa. Piga hizo kwanza ujue kurudi 60 kunakugharimu kiasi gani.

Ya pili ni kutouza chochote, ila laki yote ya kila mwezi iende kwenye hatifungani mpaka uwiano urudi. Hisa ni milioni 8.4 na tunataka ziwe asilimia 60 ya jumla. Gawa 8.4 kwa 0.6, unapata 14. Unahitaji milioni 2 mpya, na kwa laki moja ni miezi 20. Hiyo ni kama bei zitasimama, na hazisimami. Hisa zikipanda asilimia 10 tu zitakuwa 9.24 na kapu 12.84. Ugawe 9.24 kwa 0.6 upate 15.4, unahitaji milioni 2.56 mpya, na safari yako imekuwa miezi 26.

Hapa ndipo pana jambo ambalo hakuna aliyekwambia. Mwaka wako wa kwanza mchango wa mwezi ulikuwa sehemu kubwa ya kapu. Ungeelekeza miezi miwili mitatu upande mmoja, uwiano ungekaa sawa. Leo michango ya mwaka mzima ni milioni 1.2 mbele ya kapu la milioni 12, yaani asilimia 10. Usukani uleule, gari limekuwa lori. Kadiri kapu linavyokua ndivyo michango inavyopoteza nguvu ya kusawazisha, na siku moja kuuza kunakuwa hakukwepeki.

NunuaDipu · #9
Mzee umesema vizuri, ila hujajibu kwa nini asawazishe. 70 ina ubaya gani?

Mzee wa Mizani · #10
70 haina ubaya wowote kama aliichagua. Yeye alichagua 60, ile 70 imemjia yenyewe.

Hisa zikishuka asilimia 40 na hatifungani zikakaa palepale, kwenye 70 anapoteza milioni 3.36 na kwenye 60 anapoteza 2.88. Tofauti ni laki 4 na elfu 80, karibu michango ya miezi mitano. Wengine wataona ni kidogo. Ila ukimwacha bila kusawazisha miaka mingine 7 kama hii, 70 haitabaki 70, na kapu litakuwa kubwa zaidi wakati huohuo. Hatari inaongezeka pale anapokuwa na kingi cha kupoteza na miaka michache ya kukirudisha.

Jogoo la Alfajiri · #11
Jamani kununua kwa awamu kuna siku kulinitia shimoni. Nilikuwa na hisa za kampuni moja, jina nalihifadhi. Bei ikashuka, nikaongeza. Ikashuka tena, nikaongeza tena, naona raha wastani wangu unavyoteremka. Nikajiita mwekezaji mwenye nidhamu. Mwishowe hisa zikasimamishwa sokoni, mpaka leo nina karatasi. Kwa hiyo mimi na awamu basi.

BintiHesabu · #12
Pole sana Jogoo. Lakini ulichofanya kina tofauti mbili na cha Kibubu. Kwanza, wewe uliongeza *kwa sababu* bei imeshuka, yeye anaweka laki ileile bei iwe juu au chini. Pili, kampuni moja inaweza kwenda sifuri na isirudi. Mfuko wa faharisi ukishuka, kampuni zilizokufa zinaondolewa na nyingine zinaingia.

Ila nakupa haki sehemu moja: hata faharisi nzima inaweza kuchukua umri wa mtu. Nikkei ya Japani ilifunga kwenye 38,915 mwisho wa Desemba 1989 na haikuvuka hapo mpaka Februari 2024. Aliyeweka zote siku ile, ukiacha gawio, alisubiri zaidi ya miaka 34. Aliyenunua kila mwezi alikuwa na vipande vingi vya bei ya chini, kwa hiyo alirudi juu mapema zaidi. Huo ndio mfano wangu wa pekee wa nguvu kwa upande wa Mzee Mstaafu.

Mstaafu_Mtarajiwa · #13
Ndiyo huo mfano nauogopa.

NunuaDipu · #14
Sawa, lakini kusawazisha kunaongeza faida, si ndivyo? Unauza ghali unanunua rahisi, kila mwaka. Mbona hilo peke yake lingetosha kumshawishi Kibubu, bila hizo hofu.

BintiHesabu · #15
Inategemea soko limepita njia gani. Weka 50 kwenye hisa na 50 taslimu, usawazishe mara moja katikati.

Hisa zikipanda maradufu kisha zikarudi palepale: bila kusawazisha una 100 yako uliyoanza nayo. Ukisawazisha katikati, 150 imegawanywa 75 kwa 75, hisa zinarudi 37.5, una 112.5. Umefaidi.

Hisa zikipanda maradufu, kisha maradufu tena: bila kusawazisha una 250. Ukisawazisha una 225. Umeuza mapema.

Na zikishuka nusu, kisha nusu tena: bila kusawazisha una 62.5, ukisawazisha una 56.25, maana ulinunua kitu kikiwa bado kinaanguka.

Kwa hiyo soko la kupanda na kushuka linakulipa, na soko linaloshika njia moja linakutoza, iwe juu au chini. Kati ya hisa na hatifungani kwa miaka mingi, mara nyingi unapunguza faida kidogo, kwa sababu unapunguza kile kinachokua haraka. Mtu asawazishe ili hatari ibaki ile aliyoichagua. Ziada ikija, ni bahati.

NunuaDipu · #16
Mfano wako una hatua mbili tu. Soko halisi hupanda na kushuka muda wote, na mimi naona ile ya kwanza ndiyo hutokea zaidi. Sijakubali.

Mzee wa Mizani · #17
Wawili nyie mtabishana mpaka kesho, na nimeshaona watu wa kazi hii wakibishana hivyohivyo.

Niseme nilichoonja mwenyewe. Faharisi ya hisa za Marekani, S&P 500, ilikuwa 1,565 mnamo Oktoba 9, 2007. Oktoba 2008 uwiano wangu ulikuwa umetoka, nikauza hatifungani nikanunua hisa kama nilivyoandika kwenye daftari langu. Soko likaendelea kuteremka mpaka 676 mnamo Machi 9, 2009. Miezi mitano nilionekana mjinga nyumbani kwangu mwenyewe. Na Februari uwiano ulikuwa umetoka tena, nikatakiwa ninunue tena. Kuuza kilichopanda ni rahisi kukisema. Kuna siku kusawazisha kunakutaka uchukue fedha iliyo salama uitupe motoni, na asiyekuwa ameandika kanuni mapema haiwezi siku hiyo.

Kibubu_Imara · #18
Nimesoma kila kitu mara mbili. Swali la vitendo: niangalie mara ngapi? Maana nikiangalia kila mwezi nitaanza kuchezea.

Mzee wa Mizani · #19
Kuna wanaofuata kalenda, mara moja kwa mwaka, na kuna wanaofuata mpaka, kwa mfano hisa zikitoka nje ya 55 hadi 65. Kalenda peke yake hukosa mambo. Mwaka 2020 ile S&P 500 ilishuka kama asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23, na kufika Desemba ilikuwa juu ya ilipoanzia kushuka. Aliyefungua daftari Desemba tu hakuona chochote. Mpaka peke yake nao unakulazimisha kuangalia kila siku. Mimi naangalia mara nne kwa mwaka, nagusa ikiwa tu mpaka umevukwa. Ukisawazisha kila mwezi kwa tofauti ya asilimia moja, kamisheni inakula, na soko linaloendelea kupanda linakunyang'anya.

Na usitegemee kila anguko litakupa kazi. Mwaka 2022 hisa na hatifungani za Marekani zilishuka pamoja, na wengi walifungua daftari wakakuta uwiano uko karibu palepale ingawa kapu limepungua. Mizani ilikuwa sawa, mzigo ndio umekuwa mdogo.

Jambo moja dogo: gawio la mfuko wako wa hisa linakwenda wapi?

Kibubu_Imara · #20
Aisee. Nimeingia kuangalia. Siku nafungua niliweka alama "gawio linunue vipande vya mfuko huohuo". Kwa hiyo miaka 7 yote nilikuwa nasukuma hisa juu kwa mkono wangu bila kujua.

Nimefanya hivi. Gawio nimelibadilisha liingie kwenye akaunti ya benki, nami nitalipeleka kwenye hatifungani. Nimeomba kuuza vipande vya laki 6 tu. Kamisheni ya kutoka ni asilimia moja, elfu 6, nimeilipa pembeni. Hiyo inanifikisha 7.8 kwa 4.2, yaani 65 kwa 35, ndani ya mpaka. Halafu laki yote ya kila mwezi inaenda hatifungani: 7.8 ugawe kwa 0.6 ni 13, kwa hiyo miezi 10 kama bei zitatulia, pengine pungufu na hilo gawio. Baada ya hapo narudisha agizo la 60 kwa 40.

Mzee wa Mizani · #21
Vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Ukirudisha 60 kwa 40 utarudi hapahapa baada ya miaka. Kila tarehe 28 angalia upande uliopungua dhidi ya lengo, laki iende huko, hata kama ni upande mmoja miezi sita mfululizo. Agizo la kudumu likate fedha ya jumla, kuelekeza kuwe kazi yako ya dakika tano.

NunuaDipu · #22
Hapo si ndipo atachungulia bei kila mwezi na kuanza kuchezea? Yeye mwenyewe amesema anaogopa hilo. Bora agizo lijiendeshe, asawazishe mara moja kwa mwaka.

Kibubu_Imara · #23
NunuaDipu leo umenigusa. Nafikiri nitaacha agizo lijiendeshe lakini nibadilishe maelekezo kila robo mwaka, siku ileile ninayoangalia mpaka. Mzee usinikasirikie.

Mzee wa Mizani · #24
Sikasiriki. Kila robo inatosha. Andika kwenye daftari, na tarehe.

Mstaafu_Mtarajiwa · #25
Mimi nimepeleka milioni 12 kwenye hatifungani leo asubuhi. Zile 18 bado. Binti, ukipata mfano mwingine zaidi ya Japani, niwekee hapa.